Rangi Isiyo na Shahidi

Mnamo tarehe 11 Machi 1944 mabomu yaliivunja michoro ya ukutani ya Mantegna katika kanisa la Eremitani, mjini Padua, Italia. Vipande vipatavyo 88,000 viliokolewa. Kwa msaada wa kompyuta vililinganishwa na picha za kale zisizo na rangi, na vile vilivyotambulika vikarudishwa mahali pao, juu ya nakala ya kijivu, mwaka 2006. Uamuzi huo twausifu: penye rangi ni mkono wa Mantegna, penye kijivu ni ushahidi wa kamera. Lakini jaribio la kukisia kwa hesabu rangi za sehemu zilizopotea halituridhishi. Nyekundu na kijani huweza kuacha kijivu kile kile. Vazi la Mtume Yakobo tulipake ipi?