Picha ya Karatasi na Negativu Chini ya Kamera Moja

Picha za zamani za miteremko ya Kilimanjaro zimefika kwetu kwa njia mbili. Wamisionari wa Leipzig, walioanzisha kituo Machame mwaka 1893, walipeleka picha zao Ujerumani, na nyingi zimeshawekwa kidijitali katika mkusanyo wa picha za misheni unaotunzwa na Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Picha za familia zilibaki nyumbani: kipaimara, harusi na mikusanyiko ya ukoo, ndani ya albamu na bahasha zinazotolewa kabatini mwezi Desemba, watu wanaporudi Kibosho, Marangu au Machame kwa Krismasi. Hizi ndizo zinazonakiliwa sasa kwa kamera iliyofungwa kwenye stendi na kutazama chini, kwa kuwa skana ya negativu ni adimu na kamera tayari ipo.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba picha ya karatasi na negativu ni kazi moja. Stendi ni ileile na kamera ni ileile, lakini nakala ya karatasi huharibiwa na mwanga usio sawa, na nakala ya negativu huharibiwa na filamu kutokuwa bapa. Anayejua hivyo hujua mahali pa kutumia muda wake.

Kabla ya yote, kamera lazima iwe sambamba na ubao wa stendi. Pimamaji ya fundi husaidia, ila inapima usawa wa kila kifaa peke yake, na meza za nyumbani si sawa. Kioo cha kujitazamia ni kipimo bora zaidi. Kinalazwa ubaoni mahali pa picha, kisha lenzi inafokasiwa kwenye taswira yake yenyewe. Kamera ikiwa sambamba, katikati ya lenzi huonekana katikati kabisa ya fremu. Ikionekana pembeni, kamera imeinama, na hurekebishwa papo hapo bila kubahatisha.

Ichukuliwe picha ya kipaimara yenye sentimita 14 kwa 9, na kamera ya pikseli milioni 24 yenye kihisi cha milimita 36 kwa 24. Tundu la lenzi likiwekwa f/8, eneo linaloonekana kali kutoka juu hadi chini lina unene wa milimita 4 hivi. Kamera ikiinama digrii 1, ukingo mmoja wa picha unakuwa karibu na lenzi kuliko mwingine kwa milimita 2.4. Bado imo ndani ya kipimo. Karatasi, kwa hiyo, inasamehe.

Isichosamehe ni mwanga. Taa mbili za LED za aina moja huwekwa kushoto na kulia, kila moja kwenye pembe ya digrii 45 na sentimita 60 kutoka katikati ya picha. Taa moja peke yake ingeupa ukingo wa karibu mwanga mara 1.6 ya ule wa mbali. Zikiwa mbili, upungufu wa moja hufidiwa na nyingine, na tofauti ya kingo na katikati hushuka hadi asilimia 3 hivi. Penseli iliyosimamishwa wima katikati ya ubao huonyesha kama zimelingana: vivuli viwili vinatakiwa kuwa na urefu mmoja na weusi mmoja. Halafu hupigwa karatasi nyeupe tupu na kusomwa thamani za pembe zake nne kwenye kompyuta. Dirisha lifunikwe pazia zito, na mpigaji asivae shati jeupe, maana shati nalo ni taa.

Kwa nini digrii 45? Mwanga unaopiga sehemu bapa kwa pembe hiyo hutoka upande wa pili kwa pembe ileile, ukaikwepa lenzi iliyo juu. Lakini karatasi ikipinda, kila digrii ya mpindo huugeuza mwali kwa digrii mbili. Hapo katikati ya picha unatosha mpindo wa digrii 22 au 23 ili taa iingie lenzini, na karibu na kingo hata mdogo zaidi. Ndiyo sababu picha zenye kung'aa zilizojikunja huonyesha mstari mweupe ukingoni. Kuongeza mwanga hakuuondoi. Taa zishushwe zaidi, au karatasi inyooshwe.

Kuna mng'ao mwingine usiotokana na mpindo: utando wa rangi ya buluu na fedha unaotanda kwenye sehemu nyeusi za picha za zamani. Ni fedha ya picha yenyewe, iliyohamia juu kwa sababu ya unyevu na hewa chafu. Dawa yake ni vichujio vya polaraizi, kimoja mbele ya kila taa na kingine kwenye lenzi, kile cha lenzi kikizungushwa mpaka utando upotee. Bei yake ni kupungua sana kwa mwanga na kukolea kwa weusi, kwa hiyo visitumike kwa kila picha kwa mazoea.

Wengi hunyoosha karatasi kwa kuilazia kioo. Kwenye miteremko, wakati wa masika, ushauri huo ni hatari. Uso wa picha ni gelatini, na gelatini ikivuta unyevu hulainika na kunata. Picha iliyobanwa kwa kioo inaweza kugandamana nacho au kubaki na mabaka ya kung'aa. Ni salama zaidi kuilaza siku kadhaa chini ya vitabu, kati ya karatasi safi zinazofyonza unyevu, kisha kuipiga bila kioo.

Negativu ya milimita 35 inabadilisha hesabu yote. Fremu ya milimita 36 hupigwa kwa ukubwa wake halisi kwa lenzi ya makro, na kwa f/8 ileile unene unaoonekana kali hushuka chini ya milimita 0.4. Digrii 1 ya kuinama inaleta tofauti ya milimita 0.63, ambayo tayari imezidi. Mkanda uliokaa umekunjwa kwa miaka huwa na mpindo unaopita kipimo hicho bila shida. Kubana tundu hadi f/16 hakuokoi, kwani kwa ukubwa huo mwanga hutawanyika kiasi cha kulainisha picha nzima.

Basi mkanda lazima unyooshwe. Kishikio chenye mifereji inayobana kingo zake mbili ni bora kuliko kioo. Kioo laini kikigusa mgongo unaong'aa wa filamu huzaa miviringo ya rangi kama mafuta juu ya maji. Kioo kikihitajika, kiguse upande wa emulsheni, ule usiong'aa sana. Paneli ya taa iwe sentimita 3 hadi 5 chini ya filamu ili vumbi lake lisionekane, na nafasi yote inayoizunguka fremu ifunikwe kwa karatasi nyeusi.

Shata ifunguke sekunde 2 baada ya kubonyezwa, ili mtikisiko wa mkono utulie. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za bei nafuu hupepesa mara 100. Spidi ya 1/10 huzuia mistari ambayo spidi ya 1/500 ingeileta.

Ukaguzi hufanywa kwa kukuza picha hadi asilimia 100 na kutazama chembechembe za filamu katikati na kwenye pembe zote nne. Pembe mbili za upande mmoja zikififia, kamera imeinama. Zikififia zote nne huku katikati pakiwa pakali, filamu imepinda, na hurudishwa kwenye kishikio.

Picha iliyogandamana na kioo cha fremu yake isibanduliwe. Hupigwa ikiwa humohumo, kitambaa cheusi chenye tundu la lenzi kikitandazwa chini ya kamera ili kioo kisirudishe taswira yake.