Mstari mdogo chini ya alama: kusoma <, >, ≤ na ≥

Alama < na > zina upande mpana na upande wa ncha. Upande mpana huelekea namba kubwa, ncha huelekea ndogo. Kwa hiyo 4 < 9 husomwa "nne ni ndogo kuliko tisa", na 9 > 4 husomwa "tisa ni kubwa kuliko nne". Ni habari moja iliyoandikwa kutoka pande mbili. Alama hizi zilichapishwa kwanza katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot mwaka 1631, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki.

Mstari ukiongezwa chini, ≤ husomwa "ni ndogo kuliko au sawa na", na ≥ "ni kubwa kuliko au sawa na". Neno "au" ndilo huwakwaza wanaoanza. Sentensi 7 ≤ 9 ni kweli, ingawa saba si sawa na tisa, kwa kuwa sharti moja kati ya mawili likitimia inatosha. Vilevile 9 ≤ 9 ni kweli. Lakini 9 < 9 ni uongo, maana hakuna namba iliyo ndogo kuliko yenyewe. Tofauti yote kati ya alama isiyo na mstari na alama yenye mstari, basi, iko kwenye namba moja tu: ile ya mpakani.

Mkulima wa mahindi wa Ndabibi, magharibi ya Ziwa Naivasha, hukutana na namba hiyo kwenye kipima unyevu. Kiwango cha ubora wa mahindi kinachotumika Kenya kinaruhusu unyevu usiozidi asilimia 13.5. Unyevu ukiitwa u, sharti ni u ≤ 13.5. Tuseme magunia manne yamepimwa na kipima kimeonyesha 12.8, 13.5, 13.6 na 14.2. Mawili ya kwanza yanapita. Mawili ya mwisho yanarudi kwenye turubai kuanikwa. Mnunuzi ambaye badala yake angetaka u < 13.5 angepokea gunia moja tu, lile la 12.8. Gunia la 13.5 limekataliwa bila unyevu wake kubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mstari chini ya alama.

Kwenye mstari wa namba, mpaka unaohesabika huchorwa kwa kitone kilichojazwa, na usiohesabika kwa kiduara kitupu. Sharti u ≤ 13.5 lina kitone kilichojazwa juu ya 13.5 na mshale unaoelekea kushoto.

Kosa linalorudi mara nyingi zaidi hutokana na kukanusha. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia la viazi lisizidi kilo 50. Uzito kwa kilo ukiitwa m, "kuzidi 50" ni m > 50, na wengi hukanusha kwa kugeuza alama tu, wakaandika m < 50. Hapo gunia la kilo 50 kamili limefanywa kosa, ilhali halijazidi chochote. Kinyume cha > ni ≤, na kinyume cha < ni ≥. Ndiyo maana "isiyopungua", "angalau" na "kuanzia" huandikwa ≥, huku "zaidi ya" na "chini ya" zikibaki bila mstari. Sharti hilo la viazi likiandikwa 50 ≥ m halijabadilika, ila ni rahisi zaidi kulisoma ukianzia kwa m.

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 138, inatumia aina zote mbili katika sharti moja. Mshindi wa urais lazima apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika kila moja ya kaunti zaidi ya nusu. Kaunti ni 47 na nusu yake ni 23.5, kwa hiyo idadi k ni k > 23.5. Kaunti haigawanyiki, hivyo k ≥ 24 inasema jambo lilelile. Ndani ya kila kaunti inayohesabiwa, asilimia p ni p ≥ 25: aliyepata 25 kamili amefikisha. Lakini kwa kura zote, aliyepata nusu kamili hajafikisha.

Ubadilishanaji huo wa > na ≥ unafaa kwa vitu vinavyohesabika kimoja kimoja. Unyevu haumo. Kuandika u ≥ 13.6 badala ya u > 13.5 kunaacha nje 13.52 na 13.57, namba ambazo zipo hata kama kipima chenye desimali moja hakiwezi kuzionyesha. Kipima kinachokadiria hadi desimali iliyo karibu kikisoma 13.5, unyevu wenyewe unaweza kuwa 13.46 au 13.54, na wa pili umeshavuka mpaka.