Kona na kiwiko: mabasi ya London na somo linalofundishwa kombo



Nimesoma mjadala wenu juu ya tafsiri ya istilahi za uchumi, nami nina neno. Wengi wenu mmependekeza "suluhisho la kona" litumike kwa bidhaa mbadala kamili na pia kwa bidhaa ambatani kamili, yaani zile ambazo moja haina kazi bila mwenziwe. Napinga. Sababu yangu si ya lugha peke yake. Ukizitia hali hizi mbili katika jina moja, mwanafunzi ataamini ni kitu kimoja, na akiulizwa bei ikibadilika nini kitatokea, atajibu ovyo. Nimesahihisha mitihani ya mwaka wa kwanza hapa London kwa miaka mingi, na kosa hilo nimelizoea kama harufu ya mvua.

Mzizi wa tatizo ni namna tunavyoanza. Tunamfundisha mwanafunzi kwamba mnunuzi husimama pale mstari wa bajeti unapougusa mkunjo wa mridhio, mahali ambapo miinamo miwili inalingana. Akishakariri hivyo, anatafuta mguso kila mahali, hata pale usipokuwapo. Basi tuache mifano ya chai na kahawa, tuchukue kitu tunachokipanda kila siku: basi jekundu.

Mwaka 2014 safari moja ya basi London ilikuwa pauni 2.40 ukilipa taslimu, na pauni 1.45 ukilipa kwa kadi ya Oyster. Basi ni lile lile, kiti kile kile, foleni ile ile ya magari. Kwa abiria, safari ya taslimu na safari ya kadi ni mbadala kamili: U = K + T. Tuseme ana pauni 29 za nauli. Akitumia kadi tu anapata safari 20. Akilipa taslimu tu anapata 12, na chenji ya peni 20.

```
  K
 20 *
    |\
    |  \
    |    \
    |      \
  0 +-------+---- T
            12
```

Mstari wa bajeti una mwinamo wa 2.40 kwa 1.45, yaani kama 1.66. Mistari ya mridhio imenyooka nayo, lakini mwinamo wake ni 1. Miinamo hii haitalingana popote, hata ukitafuta mpaka asubuhi. Kila safari ya taslimu unayoiacha inakupa safari ya kadi moja na zaidi, kwa hiyo unaendelea kuacha mpaka huna tena cha kuacha. Umefika kwenye mhimili. Hiyo ndiyo kona: kiasi cha bidhaa moja ni sifuri, na kinachokusimamisha ni kwamba huwezi kununua pungufu ya sifuri.

Na mambo yalikwenda hivyo kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 karibu robo ya safari za basi zililipiwa taslimu. Oyster ikaja 2003. Kufikia 2014 taslimu ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 1 ya safari, na Julai mwaka huo mabasi yakaacha kabisa kupokea pesa mkononi.

Lakini jamani, kwa nini ilichukua miaka kumi, wakati nadharia inasema watu wangeruka siku moja? Hapa ndipo mchoro wa kitabuni unapodanganya kwa kunyamaza. Kadi yenyewe ilikuwa na amana, pauni 5 wakati huo. Ilirudishwa, ndiyo, lakini mpaka uirudishe kadi, pesa hizo hazikuwa mfukoni mwako. Mwenye pauni 29 akitoa amana anabaki na 24, ambazo ni safari 16. Bado anashinda zile 12 za taslimu. Sasa mchukue mgeni mwenye pauni 12 tu. Taslimu inampa safari 5. Akitoa amana anabaki na pauni 7, ambazo ni safari 4. Kwake yeye kona imehamia mhimili wa pili! Tofauti ya nauli ni peni 95, kwa hiyo amana inafidiwa kuanzia safari ya sita. Chini ya hapo mlipa taslimu si mjinga wala mshamba. Amepiga hesabu yake sawasawa. Kwa hiyo unapoona wachache wamebaki upande wa pili, usikimbilie kusema hawajui. Angalia kwanza kama mstari wao wa bajeti ni sawa na wako.

Tuje kwa ambatani. Mfikirie mfanyakazi wa usafi, na wenzetu wengi wanaifanya kazi hiyo, anayehitaji mabasi mawili kufika kazini. Basi la kwanza bila la pili linamwacha njiani. U = min(B1, B2). Kabla ya Septemba 2016 alilipa pauni 1.50 mara mbili. Kwa pauni 30 alikwenda mara 10, nukta M hapo chini. Mwezi huo ikaja nauli ya Hopper: basi la pili ndani ya saa moja ni bure.

```
 B2
 20 |\          N
    |  \        |
    |    \      |
 10 |      M    |
    |        \  |
    |          \|
  0 +-----------+---- B1
          10   20
```

Mstari wa bajeti umesimama wima kwenye 20, naye anahamia N: mara 20. Tazama tofauti. Kwenye mbadala, bidhaa iliyoshuka bei ingemeza bajeti nzima. Hapa bei ya B2 imeshuka mpaka sifuri, lakini B1 imeongezeka sawasawa na B2. Wala M na N haziko kwenye mhimili. Ziko ndani, pale mkunjo wenye umbo la L unapopinda. Mguso haupatikani kwa sababu nyingine kabisa: pale penye pindo mwinamo haupo. Mimi naita hicho kiwiko.

Kuna hila moja hapo N ambayo vitabu vingi huirukia. Bei ikiwa sifuri, mstari wa bajeti unalalia mkono wa wima wa ile L. Kwa hesabu tupu, mabasi 20 ya pili au 30 yanampa mridhio ule ule. Mwanzoni kanuni yenyewe iliruhusu badiliko moja tu, kwa hiyo haikujulikana ni kanuni au ni haja inayomzuia. Kuanzia Januari 2018 mabadiliko ndani ya saa yakawa bila kikomo. Je, aliyekwisha kufika kazini alipanda basi la tatu kwa kuwa ni la bure? Hapana, manake muda wake una bei hata kama nauli haina. Ukiuingiza muda, hata kwa bei ndogo, N inabaki peke yake.

Kipimo changu basi ni hiki. Bei ya kimoja ikibadilika, tazama kiasi cha kile kingine. Kikielekea sifuri, uko kwenye kona. Vikienda pamoja kwa uwiano ule ule, uko kwenye kiwiko. Na bei za mbadala zikilingana, mathalani kadi ya benki ya kugusa iliyoanza kwenye mabasi Desemba 2012 kwa nauli ile ile ya Oyster, mstari wote ni jibu na nadharia haichagui. Mchaguzi hapo ni mazoea.

Kwa hiyo napendekeza tuwe na maneno mawili: suluhisho la kona na suluhisho la kiwiko. Mwenye neno bora kuliko kiwiko alilete, nitalipokea. Asiniletee tu neno moja kwa vitu viwili.

Wasalaam.