Povu la Onugbu

Majani ya onugbu hayaoshwi kama mchicha. Huko kwa Waigbo, kusini mashariki mwa Naijeria, mpishi huyachambua vikonyo, huyatia kwenye beseni lenye maji kidogo, kisha huyafikicha katikati ya viganja kama anayefua kola ya shati. Hayatwangi, maana yakisagika hayatakuwa na cha kutafuna. Maji hugeuka kijani na povu hufura, kwa sababu majani yana saponini. Humwaga, huongeza maji safi, hufikicha tena. Povu likipungua na maji yakianza kung'aa, huchukua jani moja akalitafuna. Uchungu ukimkaba koo, bado. Asipousikia kabisa, amepitiliza, maana supu ya ofe onugbu isiyo na uchungu hata chembe imepoteza jina lake.

Huku kwetu mti huo ndio mtukutu, unaojulikana zaidi kwa dawa kuliko kwa chungu cha mboga.

Baada ya kufikicha, majani huchemshwa kidogo yalainike, maji yakamwagwa. Wenye haraka hutupia magadi: majani hulainika upesi, lakini magadi huharibu vitamini C na B1. Mimi ningeyaacha magadi nikavumilia beseni. Hata hivyo kila maji yanayomwagwa huondoka na sehemu ya vitamini C na foleti. Nyuzinyuzi hubaki, na karotini nayo kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa haiyeyuki kwenye maji bali kwenye mafuta. Ndiyo maana mawese ya supu hii yana kazi zaidi ya ladha: yanausaidia mwili kuifyonza. Chunguni huingia pia samaki mkavu, ogiri yenye harufu kali, na magimbi yaliyopondwa ya kuifanya supu iwe nzito.

Kwenye maji hayo yanayomwagwa ndipo madai kwamba supu hii hutibu kisukari yanapokwama. Dondoo za majani haya zimeshusha sukari kwa panya wa maabara, lakini ushahidi kwa binadamu ni mdogo. Tena panya walipewa dondoo nzito, si majani yaliyofuliwa hadi povu likaisha. Anayetaja utafiti huo kuisifu supu anasifu kitu ambacho huenda kiliondoka na maji ya kwanza.

Wapo wanaoliona hilo, wakanywa maji hayo ya kwanza, machungu kama shubiri. Kipimo hakijulikani, kwa kuwa majani hayalingani uchungu. Mgonjwa anayetumia glibenklamaidi au insulini akiongeza glasi hiyo, sukari inaweza kushuka mno: jasho jembamba, mikono kutetemeka, kuchanganyikiwa. Akiacha dawa zake kwa kuitegemea glasi, sukari inaweza kupanda bila yeye kujua.

Kwenye supu yenyewe, mwenye kisukari aangalie zaidi magimbi yaliyomo, na ukubwa wa tonge la muhogo analochovyea.