Neno la mwisho ndilo linalosema benki inataka nini

Majuzi usiku nilipokea picha ya skrini kutoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anasomea uuguzi Ujerumani. Chini ya picha aliandika: “Prof, samahani kwa usumbufu. Hii inataka nambari gani? Nimejaribu mbili zimekataa.” Alikuwa anatuma amana ya nyumba, yuro 900, na mwenye nyumba alitaka pesa kufikia kesho yake.

Sentensi iliyokuwa kwenye kompyuta yake ilikuwa fupi: “Bitte geben Sie den Auftrag in Ihrer App frei.” Binti huyu amejifunza Kijerumani kwa muda wa mwaka mmoja hivi, na anajua kwamba “geben” ni kutoa au kupa. Basi akaitafsiri hivi: tafadhali toa agizo kwenye programu yako. Akajiuliza, nitoe nini? Akafungua programu ya benki kwenye simu, akakuta kisanduku, akaweka PIN ya kadi yake. Ikakataliwa. Akaweka nambari anayoingilia benki kwenye kompyuta. Ikakataliwa tena. Jaribio la tatu likikosea, programu ingejifunga, na kuifungua huko husubiri barua ya posta yenye nambari mpya, jambo la siku kadhaa.

Kosa lake halikuwa la msamiati. Kijerumani kina vitenzi vinavyopasuka vipande viwili: shina hukaa mwanzoni, na kipande kidogo husukumwa hadi mwisho kabisa wa sentensi. Ukisoma “Geben Sie” ukaishia hapo, hujasoma chochote. “Geben Sie die TAN ein” ni ingiza TAN. “Geben Sie den Auftrag frei” ni idhinisha agizo. “Geben Sie die TAN niemals weiter” ni usimpe mtu yeyote TAN. Shina ni lile lile mara tatu, ila la kwanza linataka uandike nambari, la pili linataka ruhusa, la tatu linakukataza kuitoa nambari yenyewe.

Asidhani msomaji kwamba haya ni maajabu ya Wazungu. Sisi tuna “piga”. Mgeni anayejua tu kwamba kupiga ni kuchapa atafanya nini akiambiwa apige simu, apige pasi, apige kura? Atangoje neno linalofuata, hana budi. Tofauti ni kwamba sisi hatumchelewehi sana. Mjerumani anaweza kulitupa neno lake la maana mbali, baada ya agizo, baada ya programu, baada ya kila kitu.

Nilimwandikia: “Usiweke nambari nyingine. Angalia kompyuta, je, kuna kisanduku cha kuandikia?” Hakukuwapo. Hapo pana dalili nzuri isiyohitaji lugha yoyote. Palipo na “ein” pana kisanduku, na kwa kawaida kinasubiri tarakimu 6 zilizokuja kwa ujumbe mfupi au kwenye kile kidude kidogo kinachochomekwa kadi. Palipo na “frei” hapana kisanduku kwenye kompyuta. Ukurasa unangoja tu, kwa sababu kazi imehamia kwenye simu.

Lakini mbona basi simu nayo ilikuwa na kisanduku? Hapa ndipo nilipoona kwamba tatizo la pili lilikuwa letu wenyewe, si la Mjerumani. Kisanduku kile kilikuwa na maandishi hafifu, “App-Passwort”, yaani nywila ya kuifungulia programu. Si PIN ya kadi, wala si ile ya kuingilia benki kwa kompyuta. Ni siri ya tatu, ambayo aliiunda mwenyewe siku alipoisajili simu, kisha akaisahau kwa kuwa huifungua programu kwa alama ya kidole. Nilipomuuliza alitafsirije neno hilo, akajibu: “Si nambari ya siri tu, Prof?”

Naam, nambari ya siri tu. Kiswahili chetu cha Kenya kimelitwika neno hili mzigo mkubwa mno. PIN ni nambari ya siri, nywila ni nambari ya siri, na ile inayokuja kwa meseji na kufa baada ya dakika chache nayo ni nambari ya siri. Naelewa chanzo chake. Tangu 2007 M-Pesa imetuzoeza tendo moja: unaweka nambari ya mpokeaji na kiasi, unaweka PIN, basi. PIN ile ile inathibitisha kwamba wewe ni wewe na pia inaidhinisha malipo. Mkenya akiona benki inasitasita, kidole chake kinaitafuta PIN hata kabla hajasoma.

Mjerumani ameyatenganisha mambo haya. TAN ni kifupi cha “Transaktionsnummer”, nami naona tafsiri yake ya haki ni nambari ya muamala. Mimi nilipokuwa huko miaka ya tisini TAN zilichapwa kwenye karatasi, nikawa nakata moja moja kwa kalamu, na yeyote ningeweza kuitumia kwa malipo yoyote. Tangu Septemba 2019 sheria ya Ulaya inataka nambari au idhini ya malipo ifungamane na kiasi mahususi na mpokeaji mahususi. Ukibadilisha hata mojawapo, idhini inakufa. Ukiiita TAN nambari ya siri unafuta maana hiyo yote, kwani siri ni ya mtu, lakini TAN ni ya malipo.

Binti alifungua programu kwa kidole. Akakuta mistari mitatu: “Empfänger” jina la mwenye nyumba, “IBAN” iliyoanza na DE, “Betrag” 900,00. Alilinganisha IBAN na mkataba, tarakimu kwa tarakimu, akabonyeza “Freigeben”. Kompyuta ikajisogeza yenyewe.

Ningeishia hapo, ila juma moja baadaye alinipigia. Mtu aliyejiita mfanyakazi wa benki alikuwa amempigia simu akisema kuna malipo ya kutiliwa shaka, na ili yazuiwe, aidhinishe agizo lililokuwa limetokea kwenye simu yake. Kitenzi alichotumia kilikuwa “freigeben”, sahihi kabisa, na safari hii binti alikielewa. Kilichomponza nusura ni nomino. Sote wawili tulikuwa tumeitafsiri “Auftrag” kuwa agizo la malipo, kwa kuwa mara ya kwanza lilikuwa hivyo. Kumbe “Auftrag” ni agizo lolote unaloipa benki: kulipa, kubadilisha anwani, kusajili simu nyingine. Na chini ya neno hilo, safari hii, hapakuwa na mpokeaji wala kiasi. Palikuwa na maneno “Neues Gerät registrieren”, sajili kifaa kipya. Angeridhia, simu ya yule bwana ndiyo ingekuwa inaidhinisha malipo yake kuanzia siku hiyo.

Tena malipo yanayosubiri idhini yako hukwama yenyewe ukinyamaza. Hayahitaji uyaidhinishe ili yazuiwe.

“Ukafanyaje?” nikamuuliza.

“Nilimwambia asubiri nisome hadi mwisho, Prof. Akaanza kunihimiza. Nikabonyeza ‘Ablehnen’.”

“Ablehnen” ni kataa. Nacho hupasuka, lakini kwenye kitufe huandikwa kizima.