Kulihakiki Shairi: Umbo, Taswira na Maudhui

Mwanafunzi akipewa shairi katika karatasi ya fasihi, mara nyingi hukimbilia kuhesabu. Huandika kwamba shairi lina beti tatu, kila ubeti una mishororo minne, na kila mshororo una vipande viwili. Hayo yote huwa ni kweli, lakini si uhakiki bado. Mhakiki hana budi aonyeshe jinsi hesabu hiyo inavyohusiana na jambo linalosemwa. Ili tulione hilo, ewe msomaji, nimetunga beti tatu kwa ajili ya somo hili. Zisome mara mbili, na mara ya pili uzisome kwa sauti.

Mwembe wa mbele ya nyumba, uliopandwa na babu,
Kivuli chake chatamba, kwa wa mbali na karibu,
Ndege juu wanaimba, chini hakuna taabu,
Wanaokula matunda, ndio wanoupopoa.

Kulipokuwa na njaa, tuliujia kwa mbio,
Jua kali likiwaa, ukawa ni kimbilio,
Leo shibe imejaa, umebaki na kilio,
Wanaokula matunda, ndio wanoupopoa.

Leo shoka lanolewa, jembe nalo laja nyuma,
Mizizi itang'olewa, na wasio na huruma,
Kesho tutapoelewa, kivuli kimeshahama,
Wanaokula matunda, ndio wanoupopoa.

Tuanze na umbo. Hesabu mizani kwa sikio wala si kwa herufi, kwa kuwa mizani ni silabi. Neno "mwembe" lina mizani 2, yaani mwe-mbe. Na "mbele" lina mizani 2, mbe-le. Lakini katika neno "mti", herufi ya m husimama peke yake, nalo hupata mizani 2, m-ti. Wanafunzi wengi hukosea hapo, hesabu ikapungua au ikazidi. Katika shairi letu kila kipande kina mizani 8, na mshororo mzima una mizani 16. Kipande cha kwanza huitwa ukwapi, na cha pili utao. Kwa kuwa kila ubeti una mishororo minne, shairi hili ni tarbia. Vina vya ubeti wa kwanza ni -mba na -bu, vya pili ni -a na -o, na vya tatu ni -wa na -ma. Vina vinavyobadilika hivyo toka ubeti hadi ubeti hulipa shairi bahari ya ukaraguni. Mshororo wa mwisho haubadiliki, nao ndio kibwagizo.

Sasa litazame neno "wanoupopoa". Kwa lugha ya kila siku tungesema "wanaoupopoa", na utao huo ungekuwa na mizani 9. Mshairi amelifupisha neno ili apate 8. Ufupisho huo ni inkisari, nao ni sehemu ya uhuru wa mshairi. Neno "tutapoelewa" badala ya "tutakapoelewa" ni mfano wa pili. Ukiulizwa juu ya uhuru huo, usitoe jina lake tu. Toa neno lenyewe, umbo lake kamili, na sababu ya kulifupisha.

Tukija kwenye taswira, swali la kwanza ni hili: mwembe huu ni nini? Mmoja atasema ni mti tu. Mwingine atasema ni mama mzazi. Wa tatu atasema ni urithi wa wazee. Jibu halichaguliwi kwa kupenda, bali hupimwa kwa maneno ya shairi. Jibu la kwanza si kosa, ila haliufafanui utao wa "umebaki na kilio", kwa maana mti hauna kilio. Hiyo ni tashihisi, nayo yatuonyesha kwamba anayeteswa ana utu. Jibu la pili laafiki malezi na kimbilio, lakini mama hakupandwa na babu. Jibu la tatu laafiki maneno yote mawili: kitu kilichoachwa na babu, kikawafaa wajukuu wakati wa njaa, na sasa wajukuu wenyewe wanakinolea shoka. Kwa hiyo jibu la tatu lina ushahidi zaidi, nalo ndilo la kulitetea.

Maudhui nayo yasitafutwe nje ya maneno. Angalia nafsi zinazosema. Kibwagizo chasema "wanaokula", yaani watu wengine. Lakini ubeti wa pili wasema "tuliujia kwa mbio", na wa tatu "tutapoelewa". Msemaji anawalaumu wengine, kumbe naye alikula matunda na kupumzika kivulini. Basi shairi hili halisemi tu kwamba utovu wa shukrani ni mbaya. Lasema kwamba anayelaumu yumo miongoni mwa wanaolaumiwa, na hasara ya kivuli itawafika wote.

Sasa linganisha aya mbili za wanafunzi. Ya kwanza ni hii:

"Shairi hili lina kibwagizo. Kibwagizo husaidia kusisitiza ujumbe. Pia lina vina, navyo hulipa shairi mahadhi mazuri. Mshairi ametumia taswira nzuri sana."

Aya hiyo haina kosa la sarufi, wala haina uhakiki. Yaweza kuandikwa juu ya shairi lolote, hata na mtu ambaye hakulisoma hili. Hii hapa ni aya ya pili:

"Kibwagizo hakibadiliki, lakini maana yake huongezeka kila kinaporudi. Katika ubeti wa kwanza, wenye ndege na kivuli, kupopoa kwaonekana kama utundu wa watoto. Katika ubeti wa pili kwaonekana kama utovu wa shukrani, kwa kuwa mwembe uliwafaa watu wakati wa njaa. Katika ubeti wa tatu shoka limekwisha kunolewa, na neno 'wanaokula' lawa kejeli, kwani mizizi iking'olewa hapatakuwa na matunda ya kula. Hivyo mshairi ametumia maneno yale yale kuonyesha ubaya unaokua."

Aya hii yafuata hatua nne. Kwanza yatoa dai moja juu ya sifa moja. Pili yataja maneno ya shairi. Tatu yaeleza maneno hayo yanafanya nini mahali yalipo. Nne yaunganisha jambo hilo na maudhui. Mwanafunzi huyu hakutaja istilahi nyingi. Ametaja kibwagizo na kejeli tu, akazitumia zote mbili.

Jihadhari na jambo moja zaidi. Tungo nyingine hazina vina wala mizani iliyo sawa. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya Kichomi, yenye mashairi yaliyoziacha kanuni hizo kwa makusudi. Ukipewa shairi la namna hiyo, usiandike kwamba mshairi amekosea. Tazama mistari imekatwa wapi, maneno gani yamerudiwa, na mstari gani umeachwa mfupi kuliko mingine, kisha ufuate hatua zile zile nne.

Ukimaliza kuandika aya yako, ifanyie jaribio hili. Funika maneno yote uliyoyatoa katika shairi, usome yaliyobaki. Kama aya bado yasimama sawasawa bila maneno hayo, irudie upya, kwa kuwa bado hujalihakiki shairi ulilopewa.