Kumpima Fundi wa Mizizi: Mndimu wa Pipani

Mndimu uliokaa miaka sita au saba ndani ya nusu pipa, juu ya paa la zege la nyumba ya Mji wa Kale, Mombasa, hauna tena pa kuhamia. Ngazi ni nyembamba, na nusu ya pipa la lita 200 iliyojaa udongo uliolowa ni mzigo wa kilo mia na hamsini au zaidi. Kilichobaki ni kuutoa mti, kuupunguza mizizi na kuurudisha mle mle na udongo mpya. Kila mtunza bustani atakuambia kazi hiyo anaijua. Tatizo ni kwamba mndimu haulalamiki siku hiyo hiyo. Hukaa na majani yake ya kijani wiki mbili, tatu, ndipo unapoonyesha ulichotendewa. Mwenye mti inabidi aijue kazi nzuri inapofanyika, si baadaye.

Kipimo cha kwanza ni anachofanya fundi kabla hajashika msumeno. Aliye hodari humwaga maji kwanza na kutazama. Yakitokea matunduni papo hapo huku kijiti kilichochomekwa katikati kikitoka kikavu, mizizi imelijaza pipa na maji yanateremka pembeni tu. Kisha atatazama ncha za matawi. Mti ukiwa umejaa machipukizi mororo au maua, atakuambia msubiri. Wakati mzuri pwani ni masika yanapoanza, mawingu yakishatanda na joto la Februari limepungua, kabla mti haujatoa majani mapya. Anayekubali kuanza mchana wa jua kali kwa sababu tu ana nafasi leo, mwache aende.

Sasa tufike kwenye kipimo chenyewe, ambacho mafundi wengi hukikosea bila kujua. Utasikia, "Nitakata inchi mbili tu kuzunguka, na kidogo chini." Inasikika kama kazi ya upole. Lakini nusu pipa lina upana wa sentimita 57 hivi, na udongo wake tuseme una kina cha sentimita 40. Ukikata sentimita 5 pande zote na 8 chini, donge linabaki na upana wa 47 na kina cha 32. Ukipiga hesabu ya ujazo, umeondoa karibu nusu ya kila kilichokuwamo, na mizizi myembamba inayonyonya maji imejazana hasa pembeni na chini, kwa hiyo hasara yake ni zaidi ya nusu. Kata sentimita 3 pembeni na 5 chini, na utakuwa umeondoa asilimia 30. Hapo ndipo ningemtaka fundi asimame kwa mti wenye umri huo. Mwone kama anapima kwa rula au kamba, au anakata kwa jicho tu.

Wapo wasioweza kuutoa mti kabisa, kwa uzito au kwa matawi yaliyoshika ukuta. Kwao kuna kazi ya vipande: fundi anachora duara la juu kama anagawa keki, anachimba vipande vitatu vyembamba kutoka ukingoni kuelekea shinani, anaviondoa pamoja na mizizi yake hadi chini, anajaza udongo mpya, kisha mwaka unaofuata anachimba mahali pengine. Ni njia salama zaidi kuliko watu wanavyodhani. Ila chini kabisa ya pipa hapaguswi, na hapo ndipo matundu huziba. Fundi mwaminifu atakutajia hilo mwenyewe.

Donge likishatoka, inama ulitazame kwa karibu. Mizizi hai ya mndimu ina rangi ya malai au njano hafifu na ni migumu ukiibana. Uliooza ni wa kahawia, na ukiuvuta kwa vidole viwili ganda lake linavuka kama soksi na kukuachia kiuzi chembamba mkononi. Harufu yake ni chachu. Fundi mzuri huifuata mizizi ya namna hiyo hadi unapoanzia uhai na kukata hapo, hata kama imepita ile mipaka ya sentimita aliyojiwekea. Mzizi mnene unaozunguka shina atauondoa wote, maana ukiachwa utalibana shina kadiri vyote viwili vinavyonenepa. Mikato yenyewe iwe laini. Msumeno unafaa kulinyoa donge, lakini mizizi ya unene wa kidole inataka mkasi mkali baada ya hapo, kwani uliochanika huoza. Na muda wote huo gunia lililolowa lifunike donge, kwani mizizi myembamba hukauka kwa dakika chache tu upepo wa bahari ukiipata.

Wengine hujivunia rundo la mizizi waliyoikata na kumwita mwenye nyumba aje alione. Mimi huliacha rundo hilo na kutazama donge: je, mizizi myembamba bado imelizunguka, au kumebaki visiki vinene tu?

Kosa la kurudishia ndilo gumu kuliona, kwa sababu linazikwa. Fundi akijaza pembeni udongo mwepesi sana kuzunguka donge gumu la zamani, maji yatapita kwenye ule mwepesi na donge libaki kavu. Dawa ni kulilowesha donge kabla, kulikwaruza uso wake kwa uma, na kutumia mchanganyiko usiotofautiana mno na wa zamani: udongo wa kichanga, mboji iliyoiva, na chenga za makumbi. Muulize makumbi yametoka wapi. Ya pwani mara nyingi yamezikwa baharini kwa ajili ya usumba, na chumvi yake mndimu hauivumilii. Yaoshwe kwa maji baridi mara kadhaa. Samadi mbichi isikaribie. Kokoto chini ya pipa hazisaidii kitu: maji husimama juu yake, karibu zaidi na mizizi. Shina lirudi kwenye kina kile kile, na udongo ushindiliwe kwa kijiti, si kwa mguu.

Kuhusu matawi, nakubaliana na fundi anayepunguza kidogo. Mndimu huweka akiba yake kwenye majani, na majani ndiyo yanayolisha mizizi mipya. Aondoe matunda yote, maua na matawi makavu, basi. Anayeuacha mti kipara ili "ulingane na mizizi" ameuibia chakula.

Wiki tatu za kwanza mti ukae kivulini, bila mbolea. Majani yakilegea mchana na kuwa yamesimama alfajiri, usiwe na wasiwasi. Yakilegea hata alfajiri huku udongo umelowa, mizizi haifanyi kazi. Punguza maji, ongeza kivuli. Majani yakidondoka yenyewe, tawi bado li hai na linajiokoa. Yakikauka na kung'ang'ania tawini, tawi hilo limekufa, na kazi yako ni kukwaruza gome kuteremka mpaka uone kijani, kisha ukate hapo. Mti uliofanyiwa vizuri, kwenye joto na unyevu wa masika, huchipua ndani ya wiki nne hadi sita. Usimlipe fundi salio lake kabla ya hapo, na mkubaliane hivyo mapema, kabla pipa halijalazwa.